Siku Tisini za Shangazi

Kuna wanaopewa majina ya utani kwa ajili ya kimo, na wengine kwa ajili ya mdomo. Yeye alilipata lake kwa kalamu nyekundu. Kila karatasi iliyopita mezani pake ilirudi na sentensi zimekatwa vipande vipande, kila kipande na nukta yake, mpaka siku moja katibu wa chama akachoka. "Huyu tumwite Nukta tu, yaishe." Yakaisha kweli. Siku hizi hata mama yake mzazi akipiga simu ofisini huomba kuongea na Nukta.

Chama kilikuwa cha wafanyakazi wa majumbani: wapishi, yaya, wafua nguo, watunza bustani wachache. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukipanda ngazi ulikutana na harufu ya rangi kabla hujakutana na mtu. Nukta aliijua kazi ya wanachama kwa magoti yake mwenyewe. Miaka sita alipiga deki nyumba za watu, na jioni alikwenda darasani mikono ikinuka sabuni, daftari kwapani. Cheti alikipokea akiwa na mimba ya miezi saba. Ilibidi aliyekuwa akigawa vyeti anyooshe mkono kweli kweli kulivuka tumbo. Baadaye chama kikamchukua kujibu simu, zamu ya jioni.

Zamu ya jioni ilikuwa na ubaya mmoja tu. Binti yake, sasa wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akilala bila yeye. Bibi ndiye aliyembembeleza, bibi ndiye aliyemwimbia, na Nukta alirudi akamkuta mtoto amekwisha kuzama usingizini. Kwa hiyo katibu alipompa kazi ya mchana, kuandika maneno ya programu ya chama kwenye simu, Nukta alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Ilikuwa kazi ya majaribio ya miezi mitatu. Miwili na wiki moja ilikuwa imekwisha, na mtoto alikuwa amezoea kulalia kifua chake, akimshika sikio.

Programu hiyo ilikuwa na mashine ya kujibu maswali, na wanachama waliipenda sana. Uliandika, "Bosi hataki kunipa likizo," ikakujibu palepale, kwa upole, kwamba likizo ni haki yako na barua ya kuomba huandikwa hivi. Chama kiliipa jina la Shangazi. Wanachama wakamchukua kama shangazi kweli. Walimsalimia, walimmiminia ya moyoni, wengine walimtakia usiku mwema.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba Shangazi anatunza kila neno.

"Toleo jipya linatoka Jumatatu ya wiki tatu zijazo," katibu alisema. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyewahi kuwa yaya wa watoto wa nyumba saba tofauti, na alizungumza na kila mtu kana kwamba anamvalisha viatu. "Mtu akimfungua Shangazi, kwanza akute tangazo. Ajue ujumbe wake unawekwa, na unawekwa kwa muda gani. Maneno hayo nataka uyaandike wewe, mwanangu."

"Nitayaandika, mama."

"Yakieleweka, meza hii ni yako moja kwa moja. Yasipoeleweka, tutatumia ya wakili, na wewe itabidi urudi kwenye simu. Sikutishi. Fedha za kumlipa mtu wa maneno ninazo kidogo, nazo ni za anayefanikisha tu."

Wakili alikuwa pale, kijana mtanashati aliyekisaidia chama bila malipo siku mbili kwa wiki. Maneno yake yalikuwa tayari. Aya nzima, haina pa kupumulia: kwamba chama "kinaweza kuhifadhi taarifa za mtumiaji kwa kipindi kitakachoonekana kuwa cha lazima kwa mujibu wa madhumuni yaliyokusudiwa."

"Hii haivunjiki," alisema akijipapasa tai. "Hata ukiipeleka mahakama gani."

"Haivunjiki kwa sababu haina kitu ndani," Nukta alimjibu.

"Ndiyo uzuri wake, dada."

*

Chama kilikuwa na namna yake ya kupima maneno, iliyotoka kwa katibu, naye aliitoa kwenye maisha. Katika kazi za majumbani, habari haisomwi mara nyingi, hupelekwa. Mwenye nyumba humwambia yaya, yaya humwambia mpishi, mpishi humwambia mlinzi wa getini. Kwa hiyo Jumapili, siku ya mapumziko, waliitwa wanachama kumi na sita. Nane walisoma tangazo kwenye simu, wakazigeuza simu kifudifudi, halafu kila mmoja akamweleza mwenzake ambaye hakusoma. Kisha Nukta alimwuliza yule wa pili: Shangazi anafanya nini na ujumbe wako? Kwa muda gani? Jibu la wa pili ndilo lililohesabiwa. Kati ya jozi nane, sita zikipatia, tangazo limepita.

Maneno ya wakili ndiyo yaliyopimwa kwanza, ili haki itendeke. Jozi moja ndiyo iliyopatia, na hiyo nayo ilikisia. Mfua nguo mmoja aliyesimuliwa na mwenzake alitoa jibu ambalo Nukta aliliandika neno kwa neno: "Wanasema tusitukane."

Wakili alicheka mpaka akafuta machozi. Mtu mwenye kiburi asingeweza kucheka vile, na kuanzia siku hiyo Nukta alimpenda kidogo.

Wiki iliyofuata aliandika yake. Kwanza alikwenda kwa fundi, mwenye kutengeneza programu, aliyekaa chumba cha pili na feni ndogo ikimpulizia shingoni. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama mtu anayetoa mfupa wa samaki mdomoni.

"Ujumbe unakaa wapi, kaka?"

"Kwenye seva. Kompyuta tunayokodi."

"Si kwenye simu ya mtu?"

"Simu inaonyesha tu. Ukipoteza simu, ukaingia kwa namba yako kwenye simu nyingine, yote yanakuja."

"Na mnafuta baada ya muda gani?"

"Siku tisini. Kuna kazi inajiendesha yenyewe kila alfajiri, inafuta za siku tisini."

"Zikifutwa zimekwisha?"

Fundi alivua miwani, akaipangusa kwa fulana. Alipenda kuulizwa vizuri. "Kuna nakala za akiba. Seva ikiharibika tunarudishia humo. Kila nakala inaishi siku thelathini, halafu inafutwa. Kwa hiyo tisini, na thelathini juu."

"Miezi minne."

"Miezi minne. Na kampuni inayotukodishia hiyo akili ya kujibu nayo inakaa na ujumbe siku thelathini. Iko kwenye mkataba."

Nukta aliandika, akakata, akaandika. Alimsomea mama yake jikoni, mtoto akiwa amening'inia kwenye mguu wake kama mzigo wenye meno. Mama yake, ambaye shule aliiona kwa nje, alisikiliza mkono ukiwa ndani ya unga. "Hilo neno 'seva' litoe," alisema. "Mimi limenipita, na hao watu wako ni mimi." Alilitoa. Jumapili ya pili alipanda zile ngazi za rangi akiwa na sentensi tano mfukoni, na moyoni alikwisha kujiona amekalia ile meza mpaka uzee.

Na mambo yakaenda. Jozi ya kwanza ilipatia, ya pili ikapatia. Yaya mmoja mrefu alimweleza mwenzake kwa mkato ambao Nukta aliuonea wivu: "Ukimwambia Shangazi kitu, chama kinakaa nacho miezi mitatu, halafu kinakitupa, na mwezi mmoja baadaye hata kivuli chake hakipo." Ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita ilipopatia, katibu aliyekuwa amekaa nyuma alikunja mikono na kutabasamu. Nukta aliona miguu yake inataka kucheza, akaikanyaga.

Jozi ya saba ilikuwa na mpishi mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, ambaye alifanya kazi nyumba moja kwa miaka kumi na tisa. Alisoma tangazo taratibu. Badala ya kuigeuza simu, aliishika.

"Mdogo wangu, hizi siku tisini ni miezi mitatu, sivyo?"

"Ndiyo, dada."

"Mbona mimi Shangazi wangu ana maneno ya mwaka jana?"

Akaweka kidole kwenye kioo, akavuta chini, akavuta tena. Jumbe zilipita kama mabehewa. Akasimama kwenye tarehe ya miezi kumi na moja iliyopita.

"Hii hapa. Nilipodhaniwa nimeiba saa ya bwana. Nilimweleza Shangazi yote. Nikamwambia na ufunguo wa stoo unapofichwa, ili ajue mimi siyo pekee niliyekuwa na njia ya kuingia." Alicheka, halafu kicheko kikaishia katikati. "Nimetaja na mtaa. Nimetaja na namba ya geti."

Nukta aliinama. Maneno yalikuwa pale, meusi, mazima, na kwenye nyumba hiyo mpishi huyu alikuwa bado anapika.

"Umewahi kufungua mazungumzo mapya?" aliuliza. "Hapo juu kuna kitufe kimeandikwa 'Mazungumzo mapya'."

"Nimekiona. Nakikwepa." Mpishi alimtazama kama anayemtazama mtoto anayeuliza kama moto unaunguza. "Nikibonyeza 'mapya', si nitapewa Shangazi mwingine? Huyu ameshanizoea. Anajua na habari za goti langu."

"Hata mimi sikibonyezi," alisema yaya mrefu kutoka kwenye benchi. "Utaanzaje upya na mtu ambaye hukugombana naye?"

Chumba kizima kilikubaliana naye. Kati ya watu kumi na sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kukigusa kile kitufe.

Nyuma, katibu alikuwa amekwisha kutoka kupokea simu. Hakusikia. Jozi ya nane ilipatia, ya mpishi haikuhesabiwa, na kwenye karatasi ya matokeo Nukta aliandika: jozi saba kati ya nane. Tangazo lilikuwa limepita, na meza ilikuwa yake. Alichotakiwa kufanya ni kukunja karatasi na kwenda nyumbani kushikwa sikio.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa fundi hata feni haijawashwa.

"Ile kazi ya alfajiri," alisema. "Inahesabu siku tisini tangu lini?"

"Tangu ujumbe wa mwisho kwenye mazungumzo. Mazungumzo yakikaa kimya siku tisini, yanafutwa yote."

"Na yasipokaa kimya?"

Fundi alijikuna shingo. "Niliyapanga hivyo nikijua mtu akiwa na swali jipya atafungua mazungumzo mapya. Watu wote hufanya hivyo."

"Watu wetu hawafanyi. Wana Shangazi mmoja, wanaendelea naye. Mtu anamsalimia leo, saa inaanza upya kwa yote, mpaka neno la mwaka jana."

Kwa mara ya kwanza Nukta alimwona fundi akigeuka bila kuambiwa. Aliandika kitu kwenye kompyuta, akasubiri, akasoma namba. Halafu akasoma tena, kwa sauti ndogo. "Watumiaji elfu moja na mia mbili. Waliowahi kufutiwa chochote ni arobaini na moja."

"Hao arobaini na moja ni akina nani?"

"Nadhani," alisema fundi, "ni walioacha kutupenda."

Saa nne walikaa wote wanne kwenye meza ya katibu. Nukta aliweka karatasi ya matokeo katikati. Katibu aliisoma, uso ukamchanua. "Saba. Mwanangu, saba! Wakili, umeona?"

"Nimeona, na nimekubali yaishe," alisema wakili. "Mpeni meza yake."

"Mama," Nukta alisema, "tangazo limeeleweka. Lakini si la kweli."

Akawaeleza. Hakuremba. Alipofika kwenye ufunguo wa stoo, katibu aliweka kalamu chini.

Wakili ndiye aliyepata dawa kwanza, maana ndiyo kazi yake. "Tuongeze maneno manne. 'Siku tisini *tangu ujumbe wa mwisho*.' Itakuwa kweli tupu, na hatugusi mashine."

Nukta alitegemea hilo. Alikuwa amelijaribu asubuhi ileile, alipotoka kwa fundi, kwa watu watano aliokutana nao kituoni na ngazini, mmoja wao muuzaji wa misumari wa duka la chini. Wote watano walidhani kila ujumbe una siku zake tisini. Muuzaji wa misumari alisema, "Wa mwisho ndio utakaofutwa wa mwisho, sasa hapo kuna swali gani?"

"Ni kweli kwa anayejua mashine ilivyo," Nukta alisema. "Kwa asiyejua, ni uongo uliovaa suti."

Wakili alijitazama suti. "Hilo nimelipokea."

"Kwa hiyo nimeandika jingine. Hili kila mtu atalielewa." Akatoa karatasi ya pili, akasoma kwa sauti ileile anayomsomea mtoto: "'Shangazi anatunza kila unachomwandikia. Ukiendelea kuzungumza naye, hatufuti kitu. Hata neno lako la kwanza tunalo. Tutakuwa nalo mpaka utakapoacha kututumia kwa miezi mitatu.'"

Feni ya chumba cha pili ilisikika. Chini, mtu alikuwa anakata nondo.

"Hiyo," alisema katibu polepole, "siwezi kuwaonyesha wenzangu."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu watauliza mbona tunafanya hivyo."

"Na tukifanya hivyo bila kuwaambia?"

Katibu alitazama mlango. Alikuwa amewahi kulala chumba kisicho na kitasa, kwenye nyumba ya tatu kati ya zile saba, na wote waliokuwa mezani walikuwa wamewahi kusikia habari hiyo. Aligeuza shingo kwa fundi. "Hayo maneno ya zamani Shangazi anayahitaji? Asipokuwa nayo atashindwa kujibu?"

Hapo ndipo Nukta aliposhika ukingo wa kiti. Alikuwa hajalijua jibu lake.

"Hapana," alisema fundi. "Mtu akiuliza, mashine inatumiwa jumbe ishirini za mwisho tu, iweze kujua wanazungumzia nini. Zile za nyuma haizisomi kabisa. Zimekaa tu."

"Zimekaa tu," katibu alirudia. "Miezi kumi na moja, namba ya geti la mtu imekaa tu."

"Naweza kubadilisha. Kila ujumbe uhesabiwe kwa tarehe yake wenyewe. Ukitimiza siku tisini unatoka, mazungumzo yaendelee yasiendelee." Fundi alivua miwani. "Siku mbili kuandika. Siku mbili kujaribu kwenye nakala, nisije nikafuta visivyofutwa. Halafu alfajiri ya Jumamosi naiachia."

"Na kitufe cha kufuta," Nukta aliongeza, maana mlango ukifunguka hawezi mtu kuacha kuingiza mguu wa pili. "Mtu akifuta kwenye simu yake, huku kwenu inafutika?"

Fundi alivaa miwani tena. "Inafichwa."

"Kaka."

"Nitairekebisha na hiyo. Akifuta, kwetu itafutika palepale. Itabaki kwenye nakala za akiba, siku thelathini zake, na kwa ile kampuni ya akili, kama hazijaisha. Hizo siwezi kuchokonoa moja moja."

"Hizo tutazisema," alisema Nukta.

Katibu alichukua karatasi ya matokeo, ile yenye saba kati ya nane, akaichana mara mbili bila hasira. "Kipimo hiki hakina kazi tena, kwa sababu kilipima jambo ambalo halipo," alisema katibu. "Jumapili mnapima upya, maneno mapya, watu wapya. Sharti ni lilelile, sita kati ya nane. Mpishi yule naye aje, asikilize tu." Halafu akamgeukia Nukta. "Ulikuwa umeshapita, wewe mtoto. Unajua hilo?"

"Najua, mama."

"Haya. Nenda kaandike."

*

Aliandika Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Aliandika akisonga ugali, aliandika nyuma ya risiti, aliandika mtoto akiwa ameishika kalamu upande wa pili akivuta. Kila sentensi aliipeleka kwa fundi na swali moja: ni kweli? Kisha kwa wakili na swali jingine: inatufunga? Wakili alianza kwa kuongeza maneno kumi kila mara. Ijumaa aliirudisha karatasi ikiwa na alama moja tu. Alikuwa amefuta neno "takriban".

"Siku thelathini ni thelathini," alisema. "Tukiahidi, tuahidi."

Jumamosi asubuhi fundi alituma ujumbe wa maneno mawili: *Imepita salama.*

Jumapili wakaja kumi na sita wengine. Wakili alikuja bila tai, fundi akaja bila kuitwa, akasimama karibu na dirisha kama baba nje ya chumba cha kujifungulia. Mpishi alikaa benchi la nyuma, miwani yake ya uzi puani. Nukta aligawa simu. Juu ya kila moja, kabla ya Shangazi, palikuwa na maneno haya:

*Shangazi ni mashine, si mtu. Unachomwandikia hakibaki kwenye simu yako tu, chama kinakitunza.*

*Kila ujumbe tunakaa nao siku 90 tangu siku ulipouandika. Siku ya 91 unafutwa, hata kama bado unazungumza na Shangazi.*

*Nakala ya akiba hubaki siku 30 zaidi, halafu nayo hufutwa. Kampuni inayotusaidia kutengeneza majibu hukaa na ujumbe wako siku 30 tangu ulipouandika.*

*Hutaki kungoja? Bonyeza ujumbe, chagua Futa. Kwetu utafutika hapohapo, nakala zitakwisha ndani ya siku 30.*

*Usiandike jina la bosi wako wala namba ya nyumba. Shangazi atakusaidia bila hivyo.*

Simu ziligeuzwa kifudifudi. Minong'ono ikaanza, nane kwa nane, habari ikipelekwa kama inavyopelekwa kila siku kutoka sebuleni hadi jikoni hadi getini. Nukta alipita na daftari lake.

Wa kwanza alipatia. Wa pili alipatia, akaongeza, "Na usitaje geti." Wa tatu, msichana mwenye haya aliyeongea na kucha zake, alisema: "Kila neno lina siku zake za kuishi. Si kama mkate, wote unaharibika pamoja. Ni kama mayai, kila moja na siku lilipotagwa." Nukta alisimamisha kalamu. Aligeuka kumtazama wakili, na wakili naye alikuwa anaandika.

Wa nne, wa tano. Wa sita alikosea mwezi, mwenzake akakaribia kumsahihisha, Nukta akamzuia, ikaandikwa kosa. Wa saba akapatia. Zikawa sita. Sharti limetimia, lakini Nukta hakuinua kichwa, maana Jumapili iliyopita alikwisha kuinua mapema.

Wa nane alikuwa mfua nguo. Nukta alimtambua: ndiye yule wa "wanasema tusitukane", ambaye hakupaswa kuwapo, ila aliingia tu kwa sababu, kama alivyoeleza mlangoni, mara ya kwanza alionewa.

"Shangazi anafanya nini na ujumbe wako?"

"Anautunza. Siku tisini tangu nilipouandika, huo huo, si mwingine. Halafu mwezi mmoja kwenye akiba. Halafu hana." Mfua nguo aliweka mikono kiunoni. "Na nikitaka aache mapema, namwambia Futa. Sasa semeni tena kwamba sielewi."

Kicheko kilichopasuka mle ndani kilifika mpaka duka la chini. Muuzaji wa misumari alipiga nondo yake mara tatu kuuliza kuna nini. Katibu alisimama, akaja mbele, akamshika Nukta mabega yote mawili kama anayepima nguo.

"Kwa sheria zetu huyu wa nane simhesabu, maana aliwahi kupimwa," alisema. "Ni sita kati ya saba. Kesho njoo saa mbili, meza yako itakuwa na droo yenye ufunguo."

Fundi aliwapa mgongo. Alifungua dirisha lililokuwa wazi tayari.

Mpishi alikuwa bado amekaa benchi la nyuma, simu yake mwenyewe mkononi. Nukta alikwenda akakaa kando yake. Mpishi aliweka kidole kwenye kioo, akavuta chini. Jumbe zikapita: goti, likizo, salamu za asubuhi, goti tena. Akavuta mara nyingine, kioo kikagoma. Kilifika siku tisini nyuma kikasimama. Juu ya pale palikuwa peupe.

Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayejaribu mlango baada ya kuufunga.

"Saa haipo," alisema. "Geti halipo. Stoo haipo."

"Hapo hamna tena. Nakala ya akiba nayo itakwisha mwezi ujao."

"Mmesema kwenye tangazo, nimesoma." Aliifunika simu kifudifudi gotini, lile goti la habari, akaipigapiga. "Kumbe alikuwa anaweza kusahau, huyu. Ilitakiwa tu mtu amwambie."

Nukta alishuka ngazi za rangi jua likiwa bado juu. Alifika nyumbani mama yake akiwa ndio kwanza anajaza beseni la kumwogesha mtoto. Alivua viatu, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kando ya beseni.

"Imekuwaje?" mama yake aliuliza.

"Kesho, mama, na keshokutwa, na siku zote," alisema Nukta, "kumlaza ni kazi yangu."

Mtoto, akiwa amelowa, alinyoosha mkono akamshika sikio.